Punguza watu, ongeza saa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, ni mhasibu, na miezi miwili iliyopita nilihamishiwa Mtwara kutoka Mwanza. Nimepanga chumba Shangani, nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima. Sina rafiki hata mmoja hapa. Nina haya tangu utotoni. Nikimsemesha mgeni koo linakauka na viganja vinatoa jasho. Nimejiwekea mpango wa kuzungumza na watu watano wapya kila wiki, na nimejiunga na magrupu manane ya Wasap. Jumapili nashuka ufukweni peke yangu, nakaa saa nzima, narudi bila kufungua mdomo. Dada mmoja wa masjala alinialika kichen pati, nikamjibu nimechoka. Barua ya kuomba uhamisho nimeshaiandika, iko kwenye droo. Niipeleke?*

*Mgeni wa Shangani*

Marahaba, mwanangu. Mpango huo ungemfaa muuza vocha. Watu watano wapya kila wiki maana yake umejipangia kurudia mara tano jambo linalokutesa kuliko yote, yaani ile dakika ya kwanza na mtu usiyemjua. Ukishaivuka, badala ya kula faida yake unamwacha uliyeanza kumzoea na kumfuata mwingine, koo likauke upya. Hata mimi niliyejaliwa mdomo ningenyoosha mikono wiki ya pili.

Tupige hesabu, maana wewe ni mhasibu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Jeffrey Hall, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani. Aliwauliza watu wazima waliohamia mji mwingine ndani ya miezi sita kuhusu mtu mmoja waliyemfahamu baada ya kuhama: wamekaa naye saa ngapi, na sasa wanamwitaje. Ilionekana mtu wa kujuana tu anaanza kuwa rafiki wa kawaida baada ya saa kama 50 za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya saa 90 hivi, na wa chanda na pete baada ya 200 na ushee. Hao ni Wamarekani, na saa zenyewe walizikadiria kwa kumbukumbu, kwa hiyo usizishike kama risiti. Ila angalia ukubwa wake. Watu watano kwa wiki, robo saa kila mmoja, kwa wiki kumi na tatu, ni watu 65, na hakuna hata mmoja uliyefikisha saa moja naye. Sasa chukua mtu mmoja umpe saa nne kwa wiki. Wiki hizo hizo kumi na tatu zinakupa saa 52.

Kwa hiyo futa hao watano, ubaki na wawili. Tena wote wawili unao tayari.

Wa kwanza ni mama mwenye nyumba wako. Najua utasema ni mtu mzima, mtaongea nini. Mwanangu, simkusudii awe shoga yako. Yeye ni mlango. Mwanamke aliyekaa Shangani miaka mingi anajua binti wa nani anatafuta wa kwenda naye sokoni na jirani yupi naye ni mgeni kama wewe. Mpangaji anayepita na "shikamoo mama" na kuingia chumbani atabaki kuwa mpangaji. Anayekaa barazani ataulizwa ametoka wapi, na kesho yake mtaa mzima utajua kuna binti wa Mwanza.

Nilifika Lindi mwaka 1989, mwalimu mpya, mwoga kama wewe. Siku hizo daraja la Mkapa halijajengwa, Rufiji tunavuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikianza kusini kunafungwa. Ukitaka kurudi kwenu, hurudi. Jioni ya kwanza barazani nilikaa kama mtuhumiwa, sijui mikono niiweke wapi. Bibi mwenye nyumba akanitupia miyaa mapajani, akaniambia, "Shika." Akanionesha namna ya kusuka ukili: unaanza na nyuzi chache, unapandisha huu juu ya ule, unakaza, na wakati wote macho yako chini. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu. Mwenye haya anaumizwa na macho ya watu na kile kimya kinachodai kijazwe. Mkifanya kazi ya mikono mmekaa ubavu kwa ubavu, kila mtu anatazama ukili wake, na mkinyamaza dakika tano hakuna anayeona ajabu. Ukili wangu ulipinda kama njia ya mbuzi, wakanicheka wiki nzima, na ndani ya kicheko hicho nikawa nimeshazoeleka.

Kwa hiyo jioni tatu kwa wiki, zile zile usizibadilishe, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, toka chumbani saa kumi na mbili kasoro na kazi mkononi. Kama hasuki, beba mchele wako ukauchambulie pale, au mboga. Simu iache ndani. Ukiishika, watu watadhani una shughuli na wataheshimu shughuli yako. Kaa saa moja kisha uage, hata kama mazungumzo yamenoga.

La kusema pia usilitafute mbali. Mgeni ana ruhusa ambayo mwenyeji hana, nayo ni kuuliza mambo ya kijinga. Wewe umekulia kwenye sato na sangara, pweza humjui. Muulize, "Mama, pweza wa huku mnampikaje, mbona wangu aligeuka mpira?" Atakwambia kwamba pweza hupondwa kwanza kabla hajaona chungu, kisha atakueleza mama yake alivyokuwa anapika, na wewe kazi yako itakuwa kuitikia. Kesho yake uliza ming'oko inachemshwaje. Swali la kufundishwa ni zuri kwa mwenye haya kwa sababu linampa mwenzio kazi ya kuongea, na linakupa sababu ya kurudi: "Mama, nilijaribu, kidogo nimepata."

Wa pili ni yule dada wa masjala. Usinune, mlango ule hujaufunga, umeurudishia tu. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa mko ofisi moja saa zinajihesabu zenyewe. Huyo huyo Hall aliona kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi ukaribu kama zile ambazo watu wamezitoa kwa hiari yao. Mnaweza kupitisha mafaili miaka mitatu msijue majina ya mama zenu. Kwa hiyo umtoe nje ya ofisi.

Anza kwa kurekebisha jibu lako. Mkiwa wawili mwambie, "Ile kichen pati nilikwambia nimechoka. Ukweli niliona aibu kuja peke yangu, simjui mtu." Sentensi hiyo ni nzito, najua, lakini ni moja. Usipoisema, yeye kwa upande wake anaendelea kuamini kwamba yule mhasibu wa Mwanza anajisikia. Haya kwa mbali hufanana sana na kiburi, na watu hawana namna ya kuzitofautisha mpaka uwaambie.

Kisha mwombe kitu kidogo chenye siku, saa na mwisho. Usiseme "siku moja tutoke". Hiyo siku moja haimo kwenye kalenda. Sema, "Jumamosi saa nne nataka kwenda Feri kununua samaki, sijui bei, wataniuzia kwa bei ya mgeni. Unisindikize?" Hapo kuna kazi ya kufanya, kuna vitu vya kutazama, na samaki wakishanunuliwa lazima warudi nyumbani, kwa hiyo hakuna anayeshikwa na wasiwasi wa kuachana. Mkirudi mpe changu mmoja. Wiki inayofuata chakula cha mchana mle pamoja mara tatu, nusu saa nusu saa, na Jumamosi tena mambo ya sokoni au mkatembee jioni pale ufukweni unapokaa peke yako. Hapo saa nne zako zimetimia bila ya wewe kuhutubia mkutano.

Akikujibu "Jumamosi hii sitaweza", hapo bado hajakukataa. Subiri wiki, umwombe tena mara moja. Kama amekataa mara mbili na hajataja siku yake mwenyewe, mbakize kwenye salamu na uhamie kwa mwingine, bila kinyongo. Akikualika yeye, nenda, hata iwe shughuli ya watu mia mbili. Ila usiende kukaa kwenye kiti. Fika mapema, uliza kisu kiko wapi, ukamenye vitunguu na kina mama kule nyuma. Nani atakuuliza kwa nini umenyamaza wakati unalia na vitunguu?

Utarudi nyumbani ukijilaumu, "nimeongea utumbo." Mwenye haya hakosi hilo. Mwaka huo huo wa 2018 watafiti wengine waliwakutanisha watu wasiojuana wazungumze, kisha wakamuuliza kila mmoja kando: umempendaje mwenzio, na unadhani yeye amekupendaje. Kwa kawaida watu walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa, na waliokosea zaidi ni wenye haya. Kwa hiyo hukumu unayojipa usiku usiifanyie kazi. Ngoja uone mtu anafanya nini keshokutwa.

Kuna aina moja ya urafiki wa haraka nataka uuangalie. Mgeni mwenye mshahara huwa hakosi mtu wa kumzoea ndani ya wiki moja na kumkopa ndani ya wiki mbili. Michango ya ofisini toa kama wenzako wanavyotoa, ndiyo mila. Lakini anayekutafuta mwisho wa mwezi tu, na katikati ya mwezi hapokei simu, huyo saa zake usizihesabu. Na mwanamume anayejitolea kukuonesha mji baada ya magharibi, mwambie utakuja na dada wa masjala. Kama nia yake ni mji, hatajali.

Hayo magrupu manane, bakiza la kazini. Kama ni Mkatoliki, uliza jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wako inasalia nyumba ya nani wiki hii. Kama ni Mwislamu, uliza darsa la kina mama. Ni wale wale kila wiki, na pa kukaa unaoneshwa.

Barua usiipeleke, usiichane pia. Iandikie juu tarehe ya wiki ya kumi na tatu kuanzia leo, uirudishe kwenye droo. Kati ya leo na tarehe hiyo utakuja kukosa baraza jioni moja, umebanwa na mahesabu ya mwisho wa mwezi. Kesho yake asubuhi sikiliza. Mama akikwambia, "Jana tulikungoja," niandikie siku hiyo hiyo, na uniambie ukili umefika wapi.