Ukomo wa kuidhinisha: namba isitenganishwe na maneno yake

"Habari zenu. Nipo idara ya fedha kwenye kampuni binafsi hapa Tanga. Bosi amenipa waraka wa ukasimishaji wa madaraka, kurasa zaidi ya thelathini, anataka jedwali la nani anaidhinisha kiasi gani ili dawati la malipo liache kumpigia simu kila saa. Nimeanza kunakili viwango vilivyo kwenye kiambatisho cha mwisho. Je, inatosha?"

Haitoshi, ndugu yangu, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilifanya hivyohivyo miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mhasibu katika kampuni moja ya mkonge upande wa Muheza. Nilichukua kiambatisho, nikaweka vyeo upande wa kushoto na shilingi upande wa kulia, nikachapa ukurasa mmoja safi na kuubandika ukutani juu ya dawati la malipo.

Wiki chache baadaye lilikuja dokezo la kununua mota ya umeme ya korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Bei ya muuzaji ilikuwa shilingi 9,200,000 kabla ya kodi. Karatasi yangu ilisema meneja wa shamba anaidhinisha "chini ya 10,000,000", naye akasaini, na oda ikatoka. Mkaguzi wa ndani, mama mmoja aliyekuwa karibu na kustaafu, aliirudisha hati ya malipo na kunifungulia waraka kwenye ukurasa wa tatu, sehemu ya tafsiri ya maneno, ambako nilikuwa sijapita kabisa. Pale palisema kwamba thamani ya muamala ni pamoja na kodi zote. Ukiongeza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, yaani 1,656,000, mota inafika 10,856,000, na hapo ilihitaji saini ya meneja fedha. "Mwanangu," akaniambia, "namba umezitoa zote, maneno yake umeyaacha ndani."

Kwa hiyo usianzie kwenye kiambatisho. Soma kwanza sehemu ya tafsiri, kisha masharti ya jumla, ukitafuta mambo matatu tu: thamani inahesabiwa pamoja na kodi au bila kodi, ukomo ni wa muamala mmoja, wa mkataba mzima au wa mwaka, na manunuzi yanayofanana kutoka kwa muuzaji mmoja yanajumlishwa au la. Hili la mwisho lisipoingia kwenye jedwali, utaona ankara tatu za milioni nne nne kutoka duka moja ndani ya wiki moja, kila moja ikiwa halali ukiitazama peke yake.

Jambo la pili ni umbo la jedwali. Mstari mmoja usiwe wa cheo kimoja, uwe wa ruhusa moja, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na viwango vinne tofauti: kuidhinisha manunuzi yaliyo ndani ya bajeti, yale yaliyo nje ya bajeti, kusaini mkataba, na kuidhinisha malipo ya kazi iliyokwisha kupokewa. Ukivikusanya kwenye mstari mmoja, msomaji atachukua kilicho kikubwa. Mimi natumia safu hizi: namba ya kifungu, aina ya ruhusa, cheo, zaidi ya, hadi, na sharti. Kwenye safu ya sharti nanakili maneno ya waraka kama yalivyo, hata yakiwa marefu, kwa kuwa ufupisho wa mhasibu hugeuka kuwa sheria mpya kabla hajajua.

Hapo ndipo vitenzi vinapohitaji jicho. "Ataidhinisha kwa mapendekezo ya meneja fedha" haimfanyi meneja fedha kuwa mwidhinishaji. Saini yake inatakiwa itangulie, lakini haifungi jambo. "Kwa pamoja na" ni saini mbili, na moja haitoshi. "Baada ya kushauriana na" kwa kawaida haidai saini ya anayeshauriwa, ila dokezo linatakiwa lionyeshe kwamba mashauriano yalifanyika. Orodha ya watia saini wa benki nayo ni kitu kingine, usiichanganye humu. Kutia saini ya benki ni kutekeleza malipo ambayo tayari yameidhinishwa.

Sasa mipaka ya namba, ambako ndiko waraka wetu ulikuwa na tundu. Meneja wa shamba alipewa "chini ya 10,000,000", na meneja fedha "zaidi ya 10,000,000 hadi 50,000,000". Dokezo la shilingi milioni kumi kamili lilikuwa la nani? Halikuwa la yeyote. Usingegundua kwa macho, maana mtu akisoma haraka huona milioni kumi mara mbili na kuridhika. Njia yangu ni kugeuza kila kiwango kiwe na umbo moja: safu ya D ni "zaidi ya", safu ya E ni "hadi, pamoja na hiyo yenyewe". "Chini ya 10,000,000" inaandikwa hadi 9,999,999. Panga mistari kwa aina ya ruhusa iliyo safu ya B, kisha kwa kiasi kutoka kidogo kwenda kikubwa, na kwenye safu tupu ya pembeni, mstari wa tatu, weka fomula hii na kuiburuta chini:

```
=IF(B3<>B2,"",IF(D3=E2,"sawa","kagua"))
```

Kwetu ilitoa "kagua", kwa kuwa 10,000,000 si sawa na 9,999,999. Fomula hiyo hiyo hukamata viwango vinavyopandana, pale ambapo watu wawili wana mamlaka juu ya kiasi kilekile. Haikamati saini za pamoja wala masharti ya bajeti; hayo ni ya kusoma.

Ukipata tundu, usilizibe wewe. Hili nalisisitiza kwa sababu kishawishi ni kikubwa: unaona wazi kwamba mwandishi alikusudia "hadi", unabadilisha, na kazi inaendelea. Mamlaka yametolewa na bodi, nasi wa fedha tunayanakili tu. Acha mstari na neno "kagua", mwandikie katibu wa kampuni ukitaja kifungu, na hadi jibu la maandishi lije, peleka dokezo la namna hiyo ngazi ya juu. Kwetu jibu lilikuja kama waraka wa nyongeza wa ukurasa mmoja, na hapo nikajifunza kuuliza mapema kama kuna nyongeza nyingine. Zilikuwapo mbili kwenye faili la katibu, na mojawapo ilisema anayekaimu hapati ukomo wa cheo hicho mpaka awe na barua ya kukaimu.

Kabla ya kubandika, lijaribu jedwali kwa hati za malipo za zamani. Chukua ishirini hivi, na uhakikishe zimo za nje ya bajeti, za mkataba, na moja iliyosainiwa na kaimu. Mwenzako mmoja ataje mwidhinishaji kwa kutumia jedwali peke yake, mwingine kwa kutumia waraka wenyewe, bila kuonyeshana. Sisi tulitofautiana kwenye hati tatu. Mbili lilikuwa kosa langu la kunakili, ya tatu ilikuwa ile sentensi ya "kwa mapendekezo ya". Juu ya karatasi andika tarehe ya waraka na ya nyongeza ya mwisho uliyoitumia, pamoja na kwamba panapotokea tofauti, waraka ndio unaofuatwa. Ile karatasi yangu ya kwanza niliibandua mwenyewe, ila gundi yake ilibaki ukutani.