Imeili za kudai hela: maswali yenu

Nilituma invoisi, kichwa cha imeili nikaandika MALIPO TAFADHALI. Wiki mbili kimya. Nimekosea wapi?

Hapohapo kwenye kichwa. Mhasibu ana imeili kibao zinazoitwa malipo, na akitaka kukutafuta anaanza na namba, jina lako wala halijui. Andika hivi:

Yah: Invoisi Na. 0147, Oda Na. 3382, mwisho wa kulipa 30 Juni

Hiyo ya oda ni namba waliyokupa wao walipoagiza, na ndiyo yenye kazi, maana analinganisha oda, invoisi yako na karatasi ya kupokelea mzigo, visipokubaliana invoisi inawekwa pembeni na mara nyingi hakuna wa kukwambia. Halafu usiandike 0147 huku na kule INV-147, akitafuta moja nyingine inaweza isitokee. HARAKA toa kabisa, hilo neno matapeli wameshalichafua.

Nikijibu juu ya imeili yangu ileile, invoisi si bado imo?

Kwako utaiona, kwenye ujumbe mpya haimo. Kwa kawaida ukibonyeza kujibu maandishi ya zamani yanakuja ila viambatisho vinabaki nyuma. Mimi nilishakumbushia mara tatu "kama invoisi iliyoambatishwa" na hakukuwa na kitu, aibu! Ambatisha upya kila mara, PDF moja, jina la faili Invoisi-0147.pdf, siyo picha ya simu iliyopinda. Kichwa usikiguse, ukikibadilisha mazungumzo yanaweza kukatika na ya nyuma asiyaone.

Nikumbushie lini bila kuonekana msumbufu?

Tuseme invoisi ni ya 31 Mei, siku 30, kwahiyo mwisho 30 Juni. Kwanza soma oda yao, maana wengine wanahesabu kuanzia siku walipoipokea na sio tarehe uliyoandika wewe. Tarehe 23 Juni uliza tu: mmeipata, kuna kinachokosekana? Hii ndo imeili ya maana kuliko zote, kama namba ya oda ina kosa unarekebisha kabla siku haijafika. 1 Julai tulia, hela ya benki inaweza kuwa njiani. Tarehe 3 au 4 andika, na usiulize "vipi malipo", uliza imepangwa kwenye malipo ya tarehe ngapi, kwa sababu ofisi nyingi zinalipa kwa mafungu siku maalum na ukikosa fungu la leo unangoja lijalo. Wiki nzima kimya? Piga simu, kisha tuma imeili ya mlichoongea, na nakala kwa yule aliyekuagiza kazi.

Nimehama benki. Niweke akaunti mpya kwenye imeili hiyohiyo ya kukumbusha?

Usithubutu. Matapeli ndivyo wanavyofanya, wanadandia mazungumzo ya invoisi na kuleta akaunti mpya, kwahiyo mhasibu makini atasimamisha kila kitu. Tuma barua yenye saini kwenye imeili ya peke yake, mwambie akupigie kwa namba aliyonayo tangu zamani ahakikishe, akishathibitisha ndo urudi kudai.