Muvi kwenye simu: maswali yenu ya wiki hii

"Usiku nikilala mimi hufungua muvi kwenye simu. Kaka yangu asema bila tivi sijaona kitu. Ni kweli?" (Langoni, Lamu)

Kaka yako mwambie achukue rula. Simu ya inchi 6.5 ukiilaza upana wake ni kama sentimita 15, na ukiishika shibiri moja na nusu kutoka usoni picha inajaza jicho kushinda tivi ya inchi 32 iliyo ukutani na wewe umekaa mita mbili na nusu. Kwa hivyo udogo peke yake sio shida, shida ni vile tunavyoshika. Simu umeisimamisha, iko juu ya kifua, basi muvi pana inabaki na kimo cha sentimita tatu hivi, kama kidole gumba kimelazwa. Ilaze, isogeze. Muvi ya watu wanaozungumza, sura karibu karibu, machozi, mtu anameza mate kabla hajadanganya, hiyo kwenye simu yaja vizuri sana, mimi nazipenda huko kuliko kwenye tivi ya sebuleni na watoto wanapita mbele.

"Niliangalia Lawrence of Arabia kwa sababu watu waisifu, nikaona mchanga tu nikachoka. Kosa langu ama la simu?" (Shela)

La simu, na la mahali ulipokaa pia. Hii muvi ya 1962 ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65 na kuonyeshwa kwa ya milimita 70, kwa ajili ya skrini ya ukuta mzima, na nadhani mchanga uliokuchosha ni ule wa pale kisimani. Watu wawili wako kisimani, mbali kabisa kwenye mazigazi kunatokea kidoa cheusi, kinatetemeka kwenye joto, kinakuja polepole, polepole, mpaka kiwe ni mtu juu ya ngamia, naye ni mwigizaji Omar Sharif. Kile kidoa ndio sini yenyewe, ukikikosa hakuna hofu, wabaki kujiuliza mbona hawa wamenyamaza.

Mimi nilijaribu mara mbili na simu ile ile. Kwanza saa saba mchana barazani, ubora 360p, na wallahi sikuona kitu mpaka ngamia ashakuwa na miguu. Pili ni usiku chumbani, taa nimezima, 720p, eafoni masikioni, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, na kidoa nikakiona mapema sana nikaanza kuwa na wasiwasi kama wale wa kisimani. Sababu ni kwamba video ikibanwa ili iwe nyepesi, vitu vidogo vyenye rangi karibu na ya nyuma yake ndivyo vinavyosagwa kwanza, kidoa kinayeyuka ndani ya mchanga, halafu jua la barazani linamalizia kilichobaki. Lakini hata ule usiku kuna kitu sikukipata. Kwenye skrini kubwa jicho linatembea, linatafuta huku na kule kwenye jangwa lote, na kwenye simu jicho limetulia mahali pamoja, pembeni waona mto na ukuta wa chumba chako, kwa hivyo ule ukubwa wa jangwa waujua kwa akili tu, mwilini hauuhisi. Hilo hakuna setingi ya kulirudisha dada yangu, ukipata mtu mwenye projekta na shuka jeupe iangalie tena.

"Sini za usiku naona miraba miraba nyeusi. Simu imeharibika?" (Mokowe)

Iinamishe kidogo. Kama kile unachokiona kinahama, ni mwanga unaorudi kwenye kioo, ingia ndani ama ongeza mwangaza. Kama miraba imekaa pale pale basi ni video yenyewe, netiweki imeshuka na programu ikapunguza data, na penye giza ndipo inapobana zaidi. Simu haina kosa. Muvi yenye giza ipakue kwanza penye wifi kwa ubora wa juu ndio uiangalie, usiistrimu.

"Nizumu picha ijae skrini yote?" (Malindi)

Usizumu. Muvi ya 16:9 ukiijaza kwenye simu ndefu ya 20:9 wakata sehemu moja katika tano ya picha, juu na chini, na huko ndiko kuna vichwa vya watu na maandishi ya tafsiri. Ile mistari myeusi ya pembeni iache, dakika tano tu jicho lishaisahau.

"Muziki nausikia, maneno siyasikii, kwa nini?" (Lamu mjini)

Sauti ilichanganywa kwa spika nyingi, maneno yakiwa na spika yake ya katikati, sasa zote zimesukumwa kwenye spika ya simu ndogo kama punje ya mchele, maneno na muziki vyagombania mlango mmoja. Besi nayo haitoki kabisa, ngoma yalia kama kopo. Eafoni za waya, hata za bei rahisi, zatengeneza yote mawili, jaribu leo na sini moja, isikilize bila nazo halafu nazo.