Oto-riplai ilikuja mara moja tu, nikadhani dada karudi kazini

Mimi nauza vifaa vya ofisi, karatasi, wino wa printa, mafaili na makorokoro mengine, na wateja wangu wengi ni maofisi ya hapa Dar ambao hawalipi mkononi. Unapeleka mzigo, wanakusainia delivari noti, unatuma invoisi kwa imeili, halafu unakaa unasubiri. Kwa hiyo watu wa mahesabu ndio ninaoishi nao zaidi kuliko hata ndugu zangu, na wakienda likizo mimi ndio naumia.

Julai 2024, Jumanne tarehe 16, nilimtumia dada mmoja wa mahesabu invoisi ya 1,860,000. Haikupita dakika ikarudi oto-riplai, yupo likizo hadi tarehe 5 Agosti, kwa jambo la haraka mwandikie fulani. Mimi nikasoma ule mstari wa kwanza nikaifunga. Jumatatu tarehe 22 nikasema ngoja nijaribu tena, nikatuma upya, na safari hii nikabadilisha na akaunti ya benki kwa sababu ile ya zamani nilikuwa naifunga. Kimya. Oto-riplai haikurudi. Nikajiambia basi huyu karudi mapema, kaiona, ananichunia tu. Jumatano nikatuma ya tatu, yenye mdomo kidogo, "naona imeili zangu hazijibiwi", na bosi wake nikamweka kwenye CC.

Kumbe dada wa watu yuko kijijini kwao na simu ya ofisi kaizima.

Hapa ndio nataka mnielewe vizuri, maana kosa hili nimeona wengi tunalifanya. Oto-riplai haiji kila unapotuma. Ofisi zinazotumia Outlook, mara nyingi ile meseji inakwenda mara moja tu kwa kila mtu kwa kipindi chote ambacho mwenyewe ameiwasha, ukituma kumi utajibiwa ile ya kwanza tu. Gmail yenyewe inakurudishia tena kama zimepita siku nne na umeandika tena, au kama mwenyewe ameibadilisha meseji yake. Kwa hiyo ukituma mara ya pili ukaona kimya, hicho kimya hakikuambii chochote. Tarehe iliyoandikwa ndio ya kuishika.

Na hiyo tarehe nayo isome kwa akili. "Hadi tarehe 5" ni anarudi tarehe 5 au tarehe 5 bado yupo likizo? Kila mtu anaandika kivyake, mimi siku hizi nahesabu kwamba anaingia kesho yake, sijawahi kupoteza kitu kwa hilo. Kama hakuna tarehe kabisa, hapo usisubiri. Likizo ya mwaka kwetu kisheria ni siku 28 na ya uzazi ni 84, sasa wewe utakaa unasubiri mtu ambaye hujui yuko kwenye ipi?

Jambo lingine, oto-riplai ni habari njema kwa namna fulani, maana imeili imefika kwenye boksi lake. Si sawa na ile inayorudi kutoka Mailer-Daemon, ile ndio haijafika, kaangalie kama umekosea anwani. Kama imefika haijapotea, ipo tu chini ya rundo la zingine, na ukituma mara tatu unamwongezea rundo.

Sasa swali ninalojiuliza kabla ya kugusa kitu ni moja tu: hii kazi inamtaka mtu huyu, au inalitaka dawati lake? Invoisi inalitaka dawati, yeyote wa mahesabu anaweza kuiingiza. Hiyo haisubiri, inaenda kwa yule aliyetajwa siku hiyohiyo. Lakini kama ni mazungumzo ya bei ambayo tulianza yeye na mimi, nikimpelekea mwingine tunaanza upya na naweza kupoteza hata nilichokuwa nimeshapewa. Hiyo inasubiri.

Ukimpelekea yule mwingine usijibu ile oto-riplai. Ukiijibu, kichwa kinakuwa "Automatic reply" na invoisi yako haimo ndani. Nenda kwenye Sent, fungua ile imeili yako mwenyewe, bonyeza Forward, maana ukifowadi viambatanisho vinakwenda navyo, ukibonyeza Reply vinabaki nyuma. Yule wa likizo muweke CC ili akirudi ajue limeshashughulikiwa. Halafu andika kifupi, mfano huu:

"Habari za kazi. Nimeelekezwa kwako kwa kuwa mwenzako yupo likizo hadi tarehe 5 Agosti. Naambatanisha invoisi namba 147, LPO yenu na delivari noti iliyosainiwa tarehe 12 Julai. Naomba unijulishe kama unaweza kuipitisha au tumsubiri yeye."

Lile swali la mwisho ndio muhimu, linamtoa jibu la ndiyo au hapana. Wakati mwingine hakuna aliyetajwa, na hiyo haina maana kwamba hakuna mtu. Outlook ina meseji mbili, ya wenzake wa ndani na ya sisi wa nje, jina la msaidizi linaweza kuwa limeandikwa kule ndani tu. Piga simu mapokezi uulize nani amekaimu.

Kama umeamua kumsubiri mwenyewe, usitume asubuhi ya siku anayorudi. Siku hiyo anafuta tu. Mimi natuma siku ya pili au ya tatu, saa nne hivi, mara moja, juu ya imeili ileile ya mwanzo na viambatanisho nikiviweka upya. Ila angalia kalenda, mwaka ule dada alirudi Jumatatu tarehe 5 na Alhamisi ilikuwa Nane Nane, kwa hiyo siku ya kumkumbusha ilikuwa Jumatano, ukipitisha hapo Ijumaa nusu ya ofisi imeunganisha wikiendi. Na ukiendelea kupata oto-riplai wakati tarehe imeshapita, kasahau kuizima, piga simu.

Ya kwangu iliishaje? Dada kurudi anakuta imeili tatu, invoisi moja, akaunti mbili tofauti, na bosi anauliza kuna nini. Kubadilisha akaunti ya benki kwa imeili katikati ya malipo ndivyo matapeli wanavyofanya, kwa hiyo akasimamisha kila kitu mpaka nipeleke barua yenye mhuri kuthibitisha akaunti ni yangu. Alikuwa sahihi kabisa. Wao wanalipa Ijumaa, nikakosa ya tarehe 16 Agosti, hela ikaingia ya tarehe 23.

Desemba akaenda likizo tena. Nikafowadi kwa kaka aliyetajwa, mistari minne, akaunti ileile, dada kwenye CC. Baada ya chakula cha mchana kaka akajibu: "Imepokelewa, ipo ya Ijumaa hii." Dada aliporudi Januari sikumwandikia kitu.