Nailoni ya boksi ilinigharimu chupa 24

Jumanne iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia picha ya boksi la pafyumu ya Bleu de Chanel likiwa limefungwa kabisa. Chini akaandika: "Dada, nailoni yake haijaguswa, kwa hiyo ni orijino, si ndiyo?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Hilo swali nililijibu mwenyewe mwaka juzi, nikajibu ndiyo, na jibu lake bado liko uvunguni mwa kitanda changu kwenye katoni mbili.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua nilianza na mafuta ya kupima kwa mililita, baadaye nikapanda kwenye chupa za wakubwa. Mwaka huo nilikuwa nimenoga. Wateja wa maofisini wananiita kwa jina, wananiagizia bila kuuliza bei. Akatokea kijana mmoja, mpole, mswahili haswa, anasema mjomba wake analeta mzigo kutoka Deira, Dubai. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile niliyoizoea. Alikuja na boksi moja, akalipiga kidole juu ya nailoni, likalia kakaka, akasema, "Dada, hili halijafunguliwa tangu Ufaransa." Nikachukua Bleu 12 za mililita 100 na Sauvage Elixir za Dior 12 za mililita 60. Shilingi 140,000 kila moja, jumla 3,360,000. Pesa yote ya mzunguko. Ukubwa wa duka ndio ulikuwa umeniingia kichwani, si mzigo.

Aliyenivua nguo ni mteja wangu mmoja wa Upanga, mtu mzima, namwita Anko. Amejipaka Bleu kwa miaka. Alinunua, wiki haijaisha akarudi dukani na chupa mbili ndani ya mfuko wa khaki: yangu, na ya kwake ya zamani iliyobaki vidole viwili. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliziweka zote mezani zimenitazama. Akavua kifuniko cha ile ya zamani, akakirudisha makusudi kikiwa upande, zile C mbili za juu zimelala. Akakiachia. Kifuniko kikajizungusha chenyewe, tak, C zikasimama sawasawa na jina lililo mbele ya chupa. Akafanya vilevile kwa chupa yangu. Kifuniko kikaingia kikiwa upande na kikabaki upande. Akanitazama tu. Mteja mwingine alikuwa amesimama pembeni, anajifanya anachagua losheni.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kifuniko cha Bleu kina sumaku, na sumaku hiyo imepangwa ili nembo ijinyooshe yenyewe. Cha Sauvage nacho ni cha sumaku, unasikia kinavutwa kabla hujakibana. Ukikutana na cha plastiki kinachoingia kwa kusukumwa, au chenye sumaku legelege ambayo ukiinamisha chupa kifuniko kinateleza, rudisha. Ila usije ukatoka hapa ukasema "dada amesema sumaku ndiyo orijino". Kopi nzuri za siku hizi zinakuja na sumaku, na nyingine zinajizungusha pia. Kifuniko kibovu kinakuthibitishia ubovu. Kifuniko kizuri kinakupa ruhusa ya kuendelea kukagua, basi.

Usiku ule nilifunga duka mapema, nikakaa sakafuni na chupa zilizobaki, pamoja na ile ya Anko na boksi lake, alivyoniachia kwa huruma. Nilikuwa nimeshauza 7. Nilianza na kioo. Chupa ya pafyumu inaumbwa ndani ya kalibu ya vipande viwili: donge la kioo cha moto linapulizwa hewa, linajaza umbo, na pale vipande vinapokutana panabaki mshono. Lakini kuna watu wanaowadanganya kwamba chupa orijino haina mshono. Inao. Tofauti ni umefichwa wapi na umelainishwa kiasi gani. Viwanda vizuri, kama vile vya bonde la Bresle kule Normandia ambako chupa nyingi za pafyumu kubwa zinatoka, huurudisha uso wa kioo kwenye moto mpaka mshono unayeyuka, na mara nyingi huuweka kwenye pembe ya chupa ambapo jicho halifiki.

Kioo cha Bleu ni cheusi karibu kabisa, macho hayakusaidii sana, kwa hiyo nilitumia ukucha. Nilishuka na ukucha wa kidole gumba kutoka begani hadi chini, polepole. Kwenye chupa ya Anko ukucha uliteleza kama juu ya sabuni. Kwenye zangu ukakwama begani, mstari mwembamba mkali, na mstari huo ulipanda hadi shingoni chini ya mkufu wa pampu, ile pete inayoibana pampu shingoni. Halafu niliisimamisha moja kwenye kigae, nikaigusa kwa kidole. Ikayumba. Kitako hakikuwa tambarare. Nilipomulika tochi ya simu kutoka chini, sakafu ya ndani ilikuwa imeinama upande mmoja kama chai kwenye kikombe kilichowekwa pabaya. Ya Anko ilikuwa imekaa sawa pande zote. Nilizizungusha 17 zote, na kila moja niliomba iwe tofauti.

Sasa namba ya bechi, yaani ya kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja. Hapa ndipo wengi tunajidanganya, kwa sababu tunaingiza namba kwenye tovuti kama checkfresh.com, inatuletea tarehe, tunashangilia. Tovuti inasoma maana ya namba tu. Mwigaji akiokota namba ya kweli kutoka chupa ya kweli moja na kuipiga kwenye chupa 10,000, tovuti itakupa tarehe nzuri kwa zote 10,000. Namba inatakiwa ikaguliwe kwa mkono kwanza, kisha kwa akili.

Kwa mkono: kwenye Bleu zote za kweli nilizowahi kushika namba ni tarakimu 4 zilizochongwa kwenye kioo, nyembamba, unazipata ukiinamisha chupa kwenye mwanga. Nilichukua poda ya uso, nikaipaka juu ya namba ya Anko, nikafuta kwa kitambaa. Poda ikabaki ndani ya mikwaruzo, namba ikasomeka nyeupe. Zangu zilifutika zote pamoja na poda, na pamba yenye kiondoa rangi ya kucha ikatoka na wino mweusi. Wino peke yake usikutishe kwa kila kampuni, wapo wanaotumia wino kihalali. Linganisha na chupa ya aina ileile. Halafu tazama boksi: namba ya boksi lazima iwe ileile ya chupa. Kwenye boksi la Anko ilikuwa imebonyezwa kwenye karatasi bila wino, unaihisi kwa kidole. Kwenye yangu ilichapwa.

Kwa akili: nilipofika kwenye Elixir ndipo nilipocheka kicheko cha mtu aliyefiwa. Namba za Dior huwa na alama nne hivi: tarakimu, herufi, halafu tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka wa kutengenezwa, herufi inayofuata ni mwezi. Zangu zote 12 zilianza na 9. Mwaka unaoishia na 9 kabla ya siku ile ulikuwa 2019. Sauvage Elixir ilitoka 2021. Nilikuwa nimenunua pafyumu zilizotengenezwa miaka miwili kabla ya kuwepo, na nikazipanga rafu ya juu kwenye taa.

Mtu atauliza, chupa zote 12 kuwa na namba moja si ndiyo dalili ya kopi? Hapana. Katoni moja ikitoka kiwandani pamoja, namba kufanana ni kawaida. Shtuka pale mzigo wa mwaka huu na wa mwaka juzi unapobeba namba moja.

Nailoni nimeiacha mwisho makusudi, ingawa ninyi nyote mnaanza nayo, kama mimi. Nailoni ya kiwandani ni nyembamba, imebana, na kwenye ncha mbili za boksi imekunjwa kama bahasha, mikunjo inalingana, imeunganishwa kwa joto kwa mstari mnyoofu. Zangu hazikuwa na mkunjo wowote. Zilikuwa zile za kusinyazwa kwa hewa ya moto, nene, na kwenye pembe kuna vifundo vigumu unavyoweza kuvikwaruza. Nilikuwa nimeviona siku ile ya kwanza. Niliviona na nikavipita, kwa sababu bei ilikuwa tamu. Na hata ingekunjwa vizuri, mashine za kufunga zinauzwa, boksi linaweza kufungwa upya chumbani kwa mtu. Wapo pia wanaonunua chupa tupu za kweli na kuzijaza. Hapo kifuniko kitajizungusha, kioo kitateleza, namba itashika poda, na ndani ni maji na spiriti. Angalia mkufu wa pampu. Kiwandani unabanwa mara moja tu, ukiona umepindwa kwa koleo au una michubuko, mtu ameshaingia humo.

Nilirudisha pesa za watu 7, 230,000 kila mmoja, kwa awamu, na mmoja alinitukana hata baada ya kulipwa. Yule kijana namba yake haipatikani. Wako ndugu walioniambia nizimalize kwa bei ya chini, "mbona zinanukia". Nisikilizeni vizuri ninyi mnaouza: ukishajua, ukauza, hapo wewe ndiye yule kijana. Usiniambie mtaji. Mimi nilikuwa na mtaji gani? Usiniambie wateja hawajui. Anko alijua. Na ukikamatwa nazo na Tume ya Ushindani huna wa kumnyooshea kidole, maana aliyekuuzia hana hata risiti aliyokuandikia. Jamani, risiti! Hata mimi sikudai.

Yule mdogo wangu wa Morogoro nilimwambia aombe ruhusa ya kufungua nailoni mbele ya muuzaji kabla ya kumalizia malipo. Muuzaji akakataa, akasema ikifunguliwa haiuziki. Nikamwambia amwombe basi chupa yoyote iliyokwisha kufunguliwa, aweke kifuniko upande, anirekodie. Video imeingia jana saa mbili usiku, sekunde sita. Kifuniko kimekaa upande, na nyuma ya simu inasikika sauti ya mwanamume ikisema hizo za siku hizi wamebadilisha.