Sifuri imeenda wapi? Makarani wa korosho wanauliza

"Nimeletewa orodha ya wakulima wa AMCOS yetu kwa CSV. Nikiifungua kwenye Excel, namba za simu hazina sifuri ya mwanzo. Faili limeharibika?" (Tandahimba)

Bado halijaharibika. Lifungue kwa Notepad na utaikuta 0712345678 imetulia pale pale. CSV ni maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato, hayasemi kolamu ipi ni simu na ipi ni kilo. Ukilibofya mara mbili, Excel inakisia yenyewe: ikiona tarakimu tupu inazihesabu kuwa namba ya kujumlishwa, na namba ya kujumlishwa haibebi sifuri mbele. Hata aliyetengeneza faili akiizungushia alama za kunukuu, haisaidii. Funga bila kuhifadhi.

"Namba za NIDA zinasomeka 1.23457E+19. Nimepanua kolamu, nimeweka Text, wapi!" (Nachingwea)

Hapa pana hasara ya kweli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu kwenye namba. Tano za mwisho hugeuzwa sifuri faili linapofunguka. Kwa mfano, 12345678901234567890 inabaki 12345678901234500000. Bofya kisanduku kimoja utazame juu kwenye mstari wa fomula: ukikuta sifuri tano mkiani kwa kila mkulima, ndiyo hiyo. Kuweka Text baadaye ni kuchelewa, kwa sababu kilichokatwa hakipo tena. Na ukihifadhi tena kama CSV, Excel huandika kile kinachoonekana, yaani hiyo 1.23457E+19 yenyewe. Omba faili la asili upya. Namba zilizoandikwa na vistari hazipatwi na haya, maana Excel huziona ni maandishi.

"Sasa nilifungueje?" (Lindi mjini)

Usilibofye. Fungua kitabu kipya cha Excel, nenda `Data` > `From Text/CSV`, chagua faili. Kwenye dirisha linalotokea, `Delimiter` iwe `Comma`, na `Data Type Detection` iwe `Do not detect data types`. Kisha `Load`.

Vichwa vya kolamu vinaweza kushuka vikawa mstari wa kwanza wa data. Ukivipandisha kwa `Transform Data` > `Use First Row as Headers`, tazama kulia kwenye `Applied Steps`: ikijiongeza hatua ya `Changed Type`, ifute kwa alama ya X, la sivyo sifuri zinaondoka tena mbele ya macho yako. Kolamu ya kilo utaigeuza kuwa namba wewe mwenyewe.

Maliza kwa kuhifadhi kama `.xlsx`. Ukirudisha CSV, sifuri zitakuwemo, ila atakayelibofya mara mbili ataanza upya.

"Faili la asili limepotea, simu zimebaki tarakimu tisa." (Newala)

Simu zinaokoka, kwa kuwa tunajua kilichodondoka. Kama ziko kolamu C:

```
=TEXT(C2,"0000000000")
```

Zilizoanza na 255 zitabaki na tarakimu zake 12. NIDA haziokoki hivi.