Mtindi unaokaribia kuekspaya: usimshushie bei kila mtu

Swali: "Wakuu, nina duka hapa Mbeya nauza maziwa na mtindi wa paketi. Nikipunguza bei zikibaki siku mbili tatu, wateja wangu wa kila siku wanasubiri za bei ya chini, nisipopunguza natupa. Mnafanyaje?"

Mkuu mimi niko Mbeya pia, mtindi nauza miaka sasa, na kwa uzoefu wangu cha kuangalia kwanza ni nani atakula hilo punguzo, kiasi cha kupunguza kinakuja baadaye. Ukibandika bei mpya kwenye friji umempunguzia hata yule ambaye angelipa bei kamili bila kuuliza.

Chukua hesabu hii. Paketi ya nusu lita tuseme umenunua 1,200 unauza 1,500, faida yako 300. Alhamisi jioni zimebaki 8, zinaisha Jumamosi, na unajua kwa siku unatoa 2 tu kwa bei ya kawaida. Ukikaa kimya, Ijumaa na Jumamosi utauza 4 upate 6,000, nyingine 4 unamwaga. Hizo 4 za kumwaga zimekula 4,800 ya mtaji, yaani faida ya paketi 16, ndo maana inauma hivyo. Sasa ukishusha zote ziwe buku na zikaisha unapata 8,000, ni afadhali, ila ulizinunua 9,600 kwa hiyo bado uko chini kwa 1,600, na wale wanne wa kila siku umewarudishia jero jero ambayo hawakuiomba.

Mimi nagawa. Zile 4 ambazo najua zitatoka zinabaki kwenye friji kwa 1,500, tarehe ikiangalia mbele, na mtu akiuliza namwambia inaisha Jumamosi, inywe leo au kesho. Zile 4 za ziada zinaondoka Alhamisi hiyohiyo kwa buku buku, anachukua mama lishe anayeuza ugali na mtindi mchana, au dada wa maandazi anayekandia unga, kwa sababu hao wanamaliza siku ileile na kwao ladha kuchachuka kidogo sio tatizo. Hapo nimepata 6,000 na 4,000, jumla 10,000, mtaji umerudi na chenji ya 400 juu. Ni kidogo lakini sijamwaga kitu na bei yangu dukani haijaguswa.

Ila usisubiri siku ya mwisho ndo umpigie mama lishe, maana yeye ananunua vitu vyake asubuhi mapema, ukimpigia Jumamosi saa tano ameshapika. Mimi naangalia tarehe zote jioni nikipanga friji, za zamani zinakuja mbele, zikionekana zitabaki namtumia meseji usiku huohuo.

Mteja wa nyumbani naye akitaka nafuu, mpe kwa kuongeza. Anachukua mpya moja kwa 1,500, hii ya kuisha kesho anaongezewa kwa 800, kama nyumbani kuna watoto inaisha jioni hiyohiyo. Hapo hajaacha kununua ile mpya. Na usiweke saa maalumu, ukizoesha watu kwamba saa kumi na mbili bei inashuka utaona mauzo ya asubuhi yanahamia jioni, na mtu anaingia swali la kwanza ni "kaka, zile za kuisha zipo?" Ukianza kusikia hivyo kwa mtu ambaye zamani alikuwa ananyoosha mkono tu na hela yake, simamisha punguzo la dukani wiki kadhaa, uza za ziada kwa wapishi peke yao.

Halafu kuna baridi yetu hii ya mwezi wa sita na wa saba. Watu wanataka chai, maziwa fresh yanakimbia, mtindi unalala. Kama oda yako ni ileile ya mwezi wa kumi utapunguza bei kila wiki na hakuna ujanja utakaokuokoa, punguza oda, mwambie anayekuletea alete kidogo mara mbili kwa wiki badala ya kreti kubwa mara moja.

Mwisho paketi iliyovimba, inayovuja, au iliyokaa kwenye friji lililozimika umeme usiku kucha hiyo haina bei, usimpe hata mama lishe, na tarehe ikishapita ni hivyohivyo. Maziwa fresh ya paketi ndo hayataki mchezo kabisa, hayo napunguza mapema zaidi, na kabla sijamuuzia mtu wa chai nafungua moja nachemsha kikombe kwenye sufuria, yakikatika kundi lile lote la tarehe hiyo natoa kwenye friji.